Spageti: Mafuta Ndani ya Maji, Kusuuza, au Kukoroga Tu?

Katika majiko mengi ya Dar es Salaam na Mombasa, mpishi anayebandika maji ya spageti humimina humo kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kula, na akiulizwa sababu hujibu kwamba hataki tambi zishikane. Mwingine, pengine katika nyumba hiyohiyo, hatii mafuta, lakini tambi zikishaiva huzipeleka chini ya bomba na kuzisuuza mpaka zipoe, naye sababu yake ni ileile. Wa tatu husimama tu na mwiko wake, akakoroga, akachuja na kuzitia kwenye mchuzi zikiwa bado zinatoa mvuke. Ipo pia njia ya nne, ya kuchuja kwanza na kuzipaka mafuta baadaye. Wote wanne wanapambana na tatizo moja, ila si wote wanaopambana nalo kwa wakati ufaao, na hapo ndipo ulipo msingi wa kuchagua.

Spageti kavu iliyo nzuri hutengenezwa kwa ngano ngumu iitwayo durumu, ikakandwa na maji na kukaushwa. Ndani ya kila uzi zimo chembe za wanga zilizoshikiliwa na wavu wa protini. Maji ya moto yanapoingia, chembe za wanga huanza kuvimba joto linapofikia nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na protini nayo hukaza na kuzizuia zisitawanyike. Zile chembe zilizo juu kabisa ya uzi hazina wa kuzizuia, kwa hiyo huvimba, hupasuka na kutoa ute mzito kama uji. Ute huo ndio gundi tunayoilalamikia.

Gundi hiyo hufanya kazi mara mbili. Mara ya kwanza ni katika dakika mbili za mwanzo, tambi zinapokuwa zimelala pamoja chini ya sufuria na ute ukiwa bado mzito. Zikiachwa hivyo, nyuzi mbili zinazogusana huungana na kuiva kama uzi mmoja mnene, na hakuna kinachoweza kuzitenganisha tena bila kuzikata. Dakika hizo zikipita, sehemu kubwa ya ute huyeyukia ndani ya maji na hatari hupungua sana. Mara ya pili ni baada ya kuchuja: maji yanatiririka, mvuke unatoka, na ute uliobaki juu ya tambi hukauka na kupoa hadi chujio zima likawa kama keki. Mtu akitaka kupima dawa yoyote ya kuzuia kushikana, na aulize kwanza inatibu mara ipi kati ya hizo mbili.

Ili nisitegemee maneno matupu, nilichukua pakiti moja ya gramu 500 nikaigawa mafungu manne ya gramu 125, kila fungu likachemshwa peke yake katika lita moja na robo ya maji yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi. Pakiti ilisema dakika 9. Fungu la kwanza lilikorogwa kwa mwiko katika dakika mbili za mwanzo, kisha mara mojamoja, bila mafuta. La pili lilitiwa kijiko kikubwa cha mafuta ndani ya maji na halikukorogwa hata mara moja, kwa kuwa ndivyo watu wengi wanavyoyaamini mafuta. La tatu lilikorogwa kama la kwanza, likachujwa na kusuuzwa kwa maji baridi. La nne lilikorogwa, likachujwa na kuchanganywa na kijiko cha chai cha mafuta. Kisha nusu ya kila fungu ilitiwa mchuzi wa nyanya papo hapo, na nusu ikaachwa kwenye sahani kwa dakika 20.

Fungu la pili ndilo lililofundisha zaidi. Mafuta ni mepesi kuliko maji na hayachanganyiki nayo, kwa hiyo yalikaa juu kama madoa ya dhahabu huku tambi zikiwa chini, na katika dakika zile mbili za hatari hayakuzigusa kabisa. Nilipochuja nilikuta vifurushi vitatu vya nyuzi zilizoungana, vyenye mstari mweupe mbichi katikati pale ambapo maji hayakuweza kupenya. Nyuzi zilizobaki zilikuwa na utelezi kidogo, maana wakati wa kumimina zilipita kwenye lile tabaka la juu zikabeba sehemu ya mafuta. Kwa hiyo si kweli kwamba mafuta hayafanyi lolote, ila hufika yamechelewa, na yanayofika ni kidogo, kwani mengi huishia kwenye mfereji wa sinki pamoja na maji.

Lipo jambo moja ambalo mafuta hulifanya vizuri ndani ya maji, nalo ni kutuliza povu. Maji ya tambi hufoka na kumwagika jikoni kwa sababu wanga hufanya viputo viwe vigumu kupasuka, na mafuta kidogo huvipasua. Anayepikia sufuria ndogo juu ya jiko la mkaa, ambalo moto wake haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe, anaweza kuwa na sababu ya haki ya kutia nusu kijiko cha chai. Mwenye jiko la gesi apunguze moto au achukue sufuria kubwa zaidi, akayahifadhi mafuta yake kwa ajili ya kitunguu.

Tulipofika kwenye mchuzi, tofauti ilionekana bila kuhitaji jicho la mpishi wa hoteli. Fungu la kwanza lilishika mchuzi wa nyanya. Kila uzi ulikuwa mwekundu, na chini ya sahani hapakubaki maji. Ule ute tunaouchukia ndani ya chujio ndio uliofanya kazi hiyo, kwani hushikamana na mchuzi na kuufanya uwe mzito kidogo. Fungu lililosuuzwa lilikuwa jeupe, laini na safi, na mchuzi ukateremka ukaunda dimbwi chini ya sahani. Kusuuza kulikuwa pia kumeipoza tambi, hivyo mchuzi ukapoa upesi, na kulikuwa kumeondoa chumvi iliyokuwa juu ya nyuzi, kiasi kwamba tambi yenyewe ilionekana imepooza mdomoni. Fungu la nne, lenye mafuta baada ya kuchuja, lilikaa katikati: mchuzi ulishika hapa na kuteleza pale. Ikumbukwe kwamba nilitumia mchuzi mwepesi wa nyanya. Mchuzi wa nyama ya kusaga uliokolea mafuta haujali sana, kwa kuwa tayari una mafuta mengi kuliko kijiko kile.

Nusu zilizoachwa dakika 20 zilitoa hukumu kinyume. Fungu la kwanza liligeuka donge lenye umbo la sahani, nikalazimika kulivuta kwa uma mbili. La tatu na la nne zilichambuka nyuzi moja moja, na lile lililosuuzwa lilikuwa bado gumu kiasi kilekile cha wakati wa kuchujwa, ilhali la nne lilikuwa limelainika zaidi kwa sababu liliendelea kuiva kwa joto lake lenyewe.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuwasha moto ni tambi hizi zinakwenda wapi baada ya chujio. Zikiwa zinakwenda kwenye mchuzi wa moto papo hapo, njia ya kwanza haina mshindani: maji, chumvi, mwiko, na kikombe cha maji ya tambi kiwekwe pembeni kabla ya kuchuja. Maji hayo yenye wanga, vijiko vitatu au vinne tu, yakitiwa kwenye mchuzi pamoja na tambi na kukorogwa juu ya moto kwa dakika moja, huunganisha mafuta na nyanya vikawa kitu kimoja kinachong'aa. Asiyewahi kujaribu hudhani ni mchezo wa kupunguza ladha, lakini maji huvukizwa na kinachobaki ni ushikamano.

Zikiwa zinakwenda kwenye saladi baridi, kusuuza ndiko sahihi, kwa sababu hapo unataka zipoe haraka, ziache kuiva na zisigande. Vivyo hivyo kwa tambi za ngano za mtindo wa Asia zitakazokaangwa na mboga baadaye, ambazo ute wake ungenata kwenye karai na kuungua. Wajapani husuuza tambi zao za soba na somen kwa maji baridi na kuzisugua kwa mikono, na hakuna anayewaambia wameharibu chakula, kwa maana wanazichovya kwenye mchuzi mwepesi wala hawatarajii ute ushike kitu. Anayesema kusuuza ni kosa daima, na anayesema ni lazima daima, wote wawili wana sahani moja tu akilini.

Hapa kwetu, hata hivyo, kusuuza kuna sharti ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Tambi iliyotoka kwenye maji yanayochemka ni salama. Ikisuuzwa kwa maji ya bomba au ya kisima ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyanywa bila kuyachemsha, na kisha ikaliwa baridi, umerudisha kile ambacho moto ulikiondoa. Tumia maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kama maji hayo hayatoshi, tandaza tambi kwenye sinia pana, zipake mafuta kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 200, na uzigeuzegeuze mpaka zipoe. Hazitakuwa safi kama zilizosuuzwa, lakini hazitagandana.

Sasa ugumu wenyewe, ambao kwa kweli ndio unaoamua kama tambi ni chakula au ni bokoboko, na ambao mafuta na kusuuza havina uwezo wa kuurekebisha ukishapita. Waitaliano husema al dente, yaani kwa jino, wakimaanisha kwamba tambi iwe imeiva lakini jino likutane na ukinzani kidogo katikati. Hicho si kiwango cha kisheria kwa kila mlaji. Watu wengi wa pwani waliokuzwa na tambi za nazi na sukari hupenda laini zaidi, na hakuna ubaya. Kinachohitajika ni kuweza kusimama pale unapotaka, na kwa hilo saa peke yake haitoshi.

Njia ya kuaminika ni kutoa uzi mmoja, kuukata kwa jino au kisu, na kutazama mahali ulipokatwa. Ukiona duara jeupe lenye ukubwa wa kichwa cha pini, maji hayajafika katikati na tambi ni mbichi bado. Nukta hiyo ikiwa imebaki kama alama ya kalamu, hapo ndipo kwa jino. Ikishapotea kabisa, umefika kwenye laini, na kuanzia hapo kila dakika huilegeza zaidi. Anza kutazama dakika mbili kabla ya muda wa pakiti, kisha kila baada ya nusu dakika. Ule mtindo wa kurusha tambi ukutani uone kama itanata haupimi ugumu hata kidogo, maana unapima ute tu, na ute huwapo tambi zikiwa mbichi na zikiwa zimepitiliza. Kinachobaki ni kazi ya kufuta ukuta.

Muda wa pakiti huyumba kwa sababu mbili ambazo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni mwinuko wa mahali. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini joto la kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Tambi huiva humo bila shida, ila huchukua muda zaidi, pengine dakika moja au mbili kwa spageti ya kawaida, na kuongeza moto hakusaidii kwa kuwa maji yanayochemka kwa fujo si ya moto zaidi ya yanayochemka taratibu. Chumvi nayo haiongezi joto kwa kiasi cha kuhisiwa. Gramu 10 kwa lita hupandisha joto la kuchemka kwa chini ya robo ya nyuzi moja. Chumvi hutiwa kwa ajili ya ladha, na kama mchuzi wako tayari una chumvi nyingi, ipunguze kwa nusu.

Sababu ya pili ni aina ya ngano. Baadhi ya tambi za bei nafuu hutengenezwa kwa ngano laini, ile ya unga wa chapati na mikate, na wavu wake wa protini ni dhaifu. Zitambue kwa kusoma viambato kwenye pakiti, na kwa macho: ya durumu huwa na rangi ya manjano ya kaharabu na huvunjika kwa mlio mkali, ya ngano laini huwa nyeupe kidogo, na maji yake huwa kama maziwa mapema. Tambi hiyo hukaa kwenye hali ya kwa jino kwa muda mfupi sana, pengine nusu dakika, kisha huteleza moja kwa moja kwenye ulaini. Ukiwa nayo, anza kutazama dakika tatu kabla, na ukiona nukta bado ipo ila imepungua, epua. Joto lililobaki ndani ya nyuzi litamalizia kazi wakati unachuja na kuchanganya.

Hilo la joto lililobaki huharibu sahani nyingi kuliko kuchemsha kwenyewe. Tambi iliyofika kwa jino ndani ya sufuria, ikachujwa na kuachwa kwenye chujio dakika tano huku mpishi akikamilisha mchuzi, itafika mezani ikiwa laini. Mchuzi usubiri tambi, si tambi isubiri mchuzi. Zikiwa zinamalizikia kwenye mchuzi wa moto, ziepue dakika moja au moja na nusu kabla ya kiwango unachokitaka.

Kabla sijafika kwa mpishi wa biashara, ipo njia ya pwani inayostahili kuwekwa kando ya hizi nne, kwa kuwa ndiyo pekee ambamo mafuta hutangulia na kushinda. Mpishi wa tambi za sukari huvunja tambi nyembamba, huzikaanga zikiwa kavu ndani ya samli au mafuta mpaka zigeuke kahawia, kisha humimina maji au tui la nazi, akatia sukari na iliki, akafunika mpaka zinyonye. Hapo mafuta hugusa uso wa tambi kabla ya maji, na ukaangaji wenyewe hubadili wanga wa juu usitoe ute mwingi, kwa hiyo tambi hutoka zimechambuka ingawa hazikuchujwa wala kusuuzwa. Tofauti na sufuria ya spageti si mafuta yenyewe bali ni zamu yake. Ikiwa bibi yako alitia mafuta na tambi zake hazikushikana, yamkini ndivyo alivyofanya, na wajukuu waliohamishia kijiko kile kwenye maji yanayochemka walibeba kiungo wakaacha utaratibu.

Mama ntilie au mwenye mgahawa anayechemsha asubuhi na kuuza mchana hawezi kutumia njia ya kwanza, na asilaumiwe kwa hilo. Kwake nashauri achemshe katika maji mengi huku akikoroga dakika zile mbili za mwanzo, aepue dakika mbili kabla ya muda, asuuze kwa maji salama yaliyopoa, achuje sana, apake mafuta kidogo na kuweka ndani ya chombo chenye kifuniko kwenye friji. Kama hana friji, katika joto la pwani asizidishe saa mbili, maana wanga uliopikwa na kukaa vuguvugu huzalisha vijidudu ambavyo kupasha moto tena hakuondoi sumu yake yote. Mteja anapofika, fungu lake liingie kwenye chujio dogo lenye mkono, lichovywe kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, likung'utwe, na kutiwa kwenye mchuzi wa moto. Mchuzi huo uwe mzito kuliko ule wa nyumbani, au uongezwe kijiko cha maji ya kuchovyea, ambayo kufikia saa saba mchana huwa yameshakuwa na wanga wa kutosha kurudisha sehemu ya kile kilichosuuzwa asubuhi.